Stima Ilipotea Tukiwa Katikati

Mara ya kwanza nilipoweka Linux, stima ilipotea nikiwa nimeenda kununua mandazi.

Laptopu yangu wakati huo ilikuwa na betri ya jina tu. Ukichomoa chaja, inazima kabla hujanyanyua mkono. Nilikuwa nimezoea, hata sikuiita laptopu tena. Ilikuwa kompyuta ya mezani iliyokonda. Nikaweka flashi, nikachagua ile njia ya kufuta diski nzima, nikabonyeza, nikaona maandishi ya "Copying files" yakitembea, nikashuka dukani. Niliporudi chumba kilikuwa kimya. Nikadhani ni ile blakauti ya kawaida, lakini kwenye ngazi balbu za majirani zilikuwa zinawaka. Tokeni zilikuwa zimeisha. Mimi na jirani tulishiriki mita moja, na kila mmoja alikuwa akingoja mwenzake anunue.

Nilipowasha tena, skrini ikaniletea mistari miwili ya maandishi meupe:

```
Reboot and Select proper Boot device
or Insert Boot Media in selected Boot device and press a key
```

Nilikaa kitandani nikaitazama kama mtu aliyepewa barua ya mahakama. Nilikuwa na makala mbili za kupeleka Jumatatu, pesa ya kodi ikiwa ndani ya hizo makala, na nilikuwa na uhakika kabisa kwamba nimeua mashine. Nilimpigia rafiki aliyekuwa akifanya kazi kwa fundi mmoja mtaani. Hakuniuliza mashine ni aina gani. Aliuliza, "Ilizima ikiwa inafanya nini?"

"Inakopi mafaili."

"Sasa unalilia nini? Anza upya."

Nikaanza upya. Nusu saa baadaye mashine ilikuwa inafanya kazi kama kwamba hakuna kilichotokea. Makala zenyewe zilikuwa kwenye barua pepe, kwa hivyo sikupoteza neno. Lile swali la rafiki yangu ndilo nililobaki nalo. Stima ikipotea wakati wa kuweka mfumo, hasara inategemea mashine ilikuwa inaandika nini dakika hiyo, na kama kile inachoandika kina nakala mahali pengine. Mafaili yanayotoka kwenye flashi kwenda diski iliyofutwa yana nakala: ziko bado kwenye flashi. Hata yakikatwa katikati mara kumi, unarudia mara ya kumi na moja. Unachopoteza ni wakati, na labda uvumilivu.

Nililielewa jambo hili vizuri zaidi mwaka uliopita, kwa sababu ya Mama Brayo.

Mama Brayo ana kibanda cha saiba chini ya ploti yetu. Anachapa, anakopi, anajazia watu fomu, na kwenye kona kuna M-Pesa. Kompyuta yake ni moja tu, ya mezani, ya mitumba, yenye umri wa kuitwa mzee. Ilikuwa na Windows 10, na Microsoft waliacha kuihudumia hiyo tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine yake haikukubali Windows 11. Ujumbe wa kumkumbusha ulikuwa unamtokea mbele ya wateja kila asubuhi, naye akauchukia kama mtu anayedaiwa hadharani.

"Kijana wangu," akaniambia, "hiyo kitu yako ya bure, niwekee. Lakini hii ya zamani usiitoe. Na ukinipotezea vitabu vya chama, hama hii ploti."

Hakuwa anatania sana. Vitabu vya chama vilikuwa faili moja la hesabu lenye michango ya wanawake 22 tangu 2019. Nani ameweka, nani amekopa, nani amelipa nusu. Nakala nyingine haikuwepo. Karatasi za miaka ya kwanza zililoweshwa na maji ya bomba lililopasuka.

Hapo sasa ile "anza upya" haina maana. Kuweka Linux kando ya Windows kunahitaji nafasi, na diski yake yote ilikuwa ya Windows. Lazima uipunguze sehemu ya Windows. Kuipunguza maana yake ni kuchukua vipande vya mafaili vilivyotapakaa mwishoni mwa diski, kuvihamishia mbele, kisha kuandika upya ile ramani inayosema kila kipande kiko wapi. Stima ikikatika wakati wa kuhamisha, unaweza kubaki na ramani inayoelekeza kwenye nyumba ambayo wapangaji wameshahama. Kile kinachoandikwa hapo hakina flashi ya kurudia kutoka kwake. Ni michango ya wanawake 22.

Kwa hivyo kitu cha kwanza nilichofanya hakikuhusu stima hata kidogo. Nilinakili mafaili yake yote kwenye diski ya nje, kisha lile faili la chama nikaliweka tena kwenye flashi nyingine, nikaenda nalo juu kwangu, nikalifungua kwenye laptopu yangu na kutelemka hadi mstari wa mwisho. Nakala ambayo hujaifungua ni matumaini tu. Baada ya hapo ndipo nikaanza kufikiria UPS.

Alikuwa nayo moja, chini ya meza, imeshika vumbi, imeandikwa 650VA. Watu wengi huisoma hiyo namba kama wati. Siyo. Ukigeuza UPS ndogo kama hiyo utakuta namba nyingine, ya wati, iliyo chini zaidi. Yake ilisema 360W. Hicho ndicho kipimo cha mzigo inaoweza kubeba, na hakisemi chochote kuhusu itaubeba kwa muda gani. Muda uko ndani ya betri.

Rafiki yangu wa kwa fundi aliniazima kijisoketi cha kupima umeme. Kompyuta na skrini pamoja zilikula kati ya wati 65 na 75. Nikaona tuko sawa kabisa, 70 kwa 360, tena tuna nafasi ya kubakisha. Nikachomeka kila kitu kwenye UPS na kuiacha ichaji usiku kucha. Asubuhi, kabla ya kuweka kompyuta kwenye hatari, nikachomeka taa ya mezani tu na kuchomoa waya wa UPS ukutani.

Taa ilikaa sekunde nne.

Tulifungua mgongo wa UPS, tukatoa betri, na jamaa akaipima. Mita ilisoma volti 12.4, ambazo zinaonekana za heshima. Lakini alipoiwekea mzigo wa balbu ya gari, namba ilianguka kama jiwe ikapita 10 kwenda chini. Aliniambia betri ya aina hii ikishachoka, hukudanganya ikiwa imepumzika. Volti bila mzigo hazikuambii chochote. Na UPS nyingi za bei nafuu zitaendelea kuwasha kitaa cha kijani miaka na miaka, zikiwa na maiti ndani.

Betri mpya tuliipata Luthuli Avenue. Ni ile ya mraba inayotumika pia kwenye kengele za wezi, imeandikwa 12V 7Ah, na ilitugharimu karibu elfu mbili. Kuibadilisha ni kazi ya dakika tano: UPS imezimwa, imechomolewa ukutani, waya mwekundu kwenye chanya, mweusi kwenye hasi, na unaangalia mara mbili kabla ya kuunganisha kwa sababu ukigeuza hutapata nafasi ya kuomba msamaha.

Halafu hesabu. Volti 12 mara 7 ni 84, yaani betri ina wati-saa 84 kwenye karatasi. Betri ya risasi inayokamuliwa haraka haitoi kila ilicho nacho, na UPS yenyewe inakula njiani, kwa hivyo mimi huchukua nusu tu: 42. Gawanya kwa wati 70 upate sehemu sita za kumi za saa, yaani dakika 36. Sikuziamini. Nikawasha kompyuta kutoka kwenye flashi, ile hali ya kujaribu Linux bila kuiweka, ambapo hakuna kinachoandikwa kwenye diski hata ikizimika ghafla. Nikachomoa ukutani, nikaanza kuhesabu. UPS ikaanza kulia, mlio mmoja kila baada ya sekunde kadhaa. Ilipofika dakika ya 25 mlio ukawa wa haraka haraka kama mtu anayebisha mlango usiku. Dakika ya 27, giza.

Ishirini na saba, basi. Hiyo ndiyo niliyokuwa nayo.

Nilitaka kuanza kazi hapo hapo. Rafiki yangu akacheka. Betri niliyoimaliza kwa dakika 27 inahitaji saa sita hadi nane kujaa tena. Ningeanza kuweka mfumo nikiwa na UPS tupu, yaani ningekuwa nimejipimia parachuti kwa kuikata kamba. Tukaahirisha hadi Jumapili.

Kulikuwa na jambo lingine nililoliona nikiwa nimeinama chini ya meza. Mama Brayo alikuwa amechomeka printa kwenye UPS. Printa ya leza, ikiwa imetulia, haina neno, lakini ikianza kuchapa inachemsha ule mtambo wa kubandika wino, na hapo inavuta mamia ya wati kwa mara moja. UPS ya wati 360 ingelia na kuzima kila kitu, tena wakati stima iko imara ukutani. Nilimwambia printa ikae kwenye soketi ya ukuta. Pia UPS nyingine zina matundu ya aina mbili, na yale yaliyoandikwa "Surge Only" hayapewi nguvu na betri kamwe. Nimeshaona mtu aliyechomeka kompyuta humo na kulaumu betri.

Jumapili saa nne asubuhi, kibanda kimefungwa nusu. Kwanza niliangalia mita. Tokeni 31. Nilishajifunza.

Sikumwachia kisakinishi cha Linux kazi ya kupunguza Windows. Kinaweza, lakini niliona afadhali Windows ijipunguze yenyewe, kwa sababu inalijua diski lake, na kwa sababu hivyo ile sehemu ya hatari inakuwa tukio moja fupi lililotengwa, ninaloweza kulisimamia. Nilizima kwanza ile tabia ya Windows ya kulala badala ya kuzima kabisa:

```
powercfg /h off
```

Kisha nikaingia Disk Management, nikabonyeza sehemu ya C, Shrink Volume, nikaandika 81920, yaani gigi 80. Mama Brayo alisimama nyuma yangu amekunja mikono. Sikumwambia kwamba hizi ndizo zile dakika. Zilikuwa sita. Stima haikucheza. Nikawasha Windows upya, faili la chama likafunguka, nikapumua.

Baada ya hapo mambo yalibadilika, na nadhani yeye aliliona hilo kwa mabega yangu. Sasa diski ilikuwa na gigi 80 zisizo na mtu. Nikawasha kutoka kwenye flashi, na kisakinishi cha Linux Mint kilipouliza nikachagua "Something else", nikaweka kila kitu ndani ya ile nafasi tupu: ext4, na alama ya `/`. Sehemu ya Windows haikuguswa. Stima ikipotea sasa, kinachoharibika ni mahali ambapo hapakuwa na kitu. Sikuunganisha intaneti. Ruta yake haikuwa na betri, na sikutaka kisakinishi kikwame katikati kikingoja kupakua vitu vya lugha na sauti ambavyo vinaweza kuja baadaye. Nikabonyeza.

Dakika ya tisa, stima ikapotea.

Kweli kabisa, mtaa mzima. Ulisikia ile "aaah!" ikitoka fleti zote kwa pamoja, na muziki wa kinyozi ukikatika katikati ya neno. Chini ya meza UPS ikalia. Skrini ikabaki inawaka, mafaili yanaendelea kutembea. Mama Brayo alinishika bega.

"Tuzime?"

"Hapana. Tuzime skrini tu."

Skrini peke yake ilikuwa inakula wati kama 20. Ukiizima, kompyuta haijui wala haijali, inaendelea na kazi. Tulikaa gizani tukisikiliza mlio, mmoja, halafu kimya, halafu mmoja. Nilikuwa nikiiwasha skrini kila dakika mbili tatu kuchungulia. Kulikuwa na hatua moja tu iliyobaki ambayo ingenisumbua, ile ya mwisho, kinapoandikwa GRUB, yule bawabu anayeuliza ukiwasha mashine kama unaingia Linux au Windows. Ikikatika hapo, mashine inaweza kukosa mlango ingawa nyumba zote mbili ziko salama. Haina raha, lakini inatengenezeka: unawasha kutoka kwenye flashi ile ile ya Mint, ambayo inakuja na programu ya Boot Repair, nayo inamrudisha bawabu kazini. Haikufika huko. Dakika ya 16 kikasema kimemaliza.

Nikawasha upya. Bawabu akatokea, milango miwili. Tukaingia Windows, faili la chama, mstari wa mwisho: ule ule. Mama Brayo akacheka kwa sauti, akanipa soda ya moto kutoka kwenye friji iliyozima.

Ingeishia hapo ningekuwa fundi. Lakini alitaka kuiona hiyo Linux, nami nikataka kuonekana. Nikaingia Linux, nikaunganisha intaneti kupitia simu yangu, nikaanza kupakua na kuweka masasisho yote. UPS inalia. Nilikuwa nimeshatumia dakika kama kumi na tatu za betri, skrini inawaka, na mimi niko na mtu wa kumwonyesha rangi za madirisha. Mlio ukawa wa haraka haraka. Nikasema, "Ngoja kidogo." Kidogo hakikungoja.

Giza sasa lilikuwa giza kweli. Hakuna aliyesema kitu. Halafu yeye akasema, "Hiyo ndiyo ile uliniambia usijali?"

Stima ilirudi saa tisa. Sikuwasha mara moja. Ikirudi huwa inaingia kwa kishindo na wakati mwingine inapotea tena baada ya dakika moja, na mtaa mzima wenye friji na pasi zilizoachwa wazi unaivuta kwa wakati mmoja. Tulisubiri kama robo saa. Kompyuta ikawaka vizuri, maana ext4 inaweka kumbukumbu ya ilichokuwa inakaribia kuandika na inajisafisha yenyewe ikiamka. Lakini nilipojaribu kuendelea na masasisho, nikapata hii:

```
E: dpkg was interrupted, you must manually run
'sudo dpkg --configure -a' to correct the problem.
```

Ni ujumbe wa kutisha kwa umbo lakini wa adabu kwa maana, kwa sababu unakuambia dawa. Vifurushi vilikuwa vimefunguliwa lakini havijapangwa mahali pake. Unaandika ilichokuambia, unaiacha imalize, halafu unaifuatisha na ya pili kwa yale yaliyobaki nusu:

```
sudo dpkg --configure -a
sudo apt --fix-broken install
```

Ilichukua dakika nne. Kama sasisho lililokatwa lingekuwa la kerneli na mashine ikagoma kuwaka, ningeingia "Advanced options" kwenye menyu ya GRUB na kuchagua kerneli ya zamani, ambayo huachwa pale pale, kisha nikaziandika amri hizo hizo mbili. Niliona mtu akishauri kufuta mafaili ya kufuli kwa `rm`. Hapana. Kufuli lipo kwa sababu, na mara nyingi kazi bado inaendelea nyuma yake.

Kitu kimoja nilikataa kukifanya siku hiyo. Rafiki yangu alikuwa amesema, kwa kuwa tumeshaifungua mashine, tusasishe na BIOS. Hiyo ndiyo programu iliyo kwenye chipu ya ubao wenyewe, inayowasha kila kitu kabla ya diski kuguswa. Ikikatwa katikati, mashine nyingi za zamani haziwaki kabisa, na flashi haikusaidii kwa sababu hakuna wa kuisoma. Laptopu nyingi hukataa kuianza hiyo kazi ikiwa chaja haiko ndani au betri haina kitu. Ya mezani haina wa kuikataza. UPS ilikuwa tupu, nami nilikuwa nimeshatumia bahati ya mwezi.

Laptopu yangu nayo niliinunulia betri mwishowe. Siyo nzuri sana, inakaa saa moja na nusu, lakini saa moja na nusu ni zaidi ya mara tatu ya UPS ya Mama Brayo, na niliilipia kidogo kuliko nilivyofikiri. Kila nikitaka kuweka kitu kikubwa naijaza kwanza, kisha nachomoa chaja dakika tano kuona kama asilimia inashuka taratibu au inaruka kutoka 60 hadi 11. Ikiruka, sianzi.

Wiki iliyofuata nilishuka kuchapa barua nikakuta Mama Brayo ameandika kwa kalamu nene juu ya UPS mwezi na mwaka tulioweka betri. Nilimwambia itakaa miaka mitatu hivi, ikiwa na bahati. Akanitazama, akaongeza alama ya kuuliza.

"Na chama?" nikamuuliza. "Umekopi wapi?"

Akavuta droo. Flashi mbili, moja imefungwa kwa mpira wa nywele na karatasi: KWA DADANGU, MACHAKOS.